Makunyanzi Hutaka Mwanga wa Ubavuni

Anayetaka kumpiga picha mkulima mzee mara nyingi humtoa nje na kumsimamisha juani, akiamini kwamba mwanga ukiwa mwingi kila kitu kitaonekana. Kumbe makunyanzi hayaonyeshwi na wingi wa mwanga. Yanaonyeshwa na upande unakotokea. Kunyanzi ni kama mfereji kati ya matuta mawili: jua likiupiga kutoka mbele, linajaa ndani yake na mfereji unapotea, likiupiga kwa ubavu, ukingo mmoja unang'aa na mwingine unaingia kivulini, na hapo ndipo jicho linapotambua kina. Jua la saa sita mchana, ambalo katika nchi zetu husimama karibu na utosi, lina kasoro nyingine. Kivuli cha paji la uso huangukia machoni, na mzee anabaki na mashimo mawili meusi badala ya macho.

Tuchukue mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kihambani, chini ya migomba, jua halimsumbui, lakini mwanga uliopenya kwenye majani hufika usoni ukiwa na rangi ya kijani na mabaka yasiyolingana. Ni afadhali akae ndani ya nyumba yake, kama nusu mita kutoka kizingitini, asubuhi, kwenye mlango unaotazama magharibi na mbele yake pawe na uwanja mtupu. Hapo jua lenyewe haliingii. Unaoingia ni mwanga wa anga, mpana na mpole. Ampe mlango bega, kisha ageuze uso kidogo kuuelekea. Asisogezwe ndani zaidi bila sababu, kwa kuwa mwanga wa mlangoni hufifia upesi kila unapoingia chumbani.

Upana wa mwanga huo una faida ya pekee kwa ngozi nyeusi. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake hasa kwa vivuli, ilhali ngozi nyeusi hulionyesha pia kwa mng'ao: mlango mzima huakisiwa kwenye shavu, kwenye mfupa wa pua na kwenye vifundo vya vidole. Ndiyo maana poda ya kuondoa mng'ao haifai hapa. Tatizo hubaki kwenye kamera, kwani kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba kila kinachopimwa kina weupe wa wastani. Ikielekezwa kwenye uso mweusi peke yake, itaung'arisha mpaka uwe wa kijivu. Basi mpiga picha apunguze mwanga kwa kipimo kimoja hivi, yaani nusu ya ule ambao kamera imependekeza. Nyuma ya mzee pakiwa na ukuta mweupe, kosa hugeuka: kamera inauhudumia ukuta, na uso unazama gizani.

Mikono huharibika kwa sababu nyingine. Kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/2.8, mzee akiwa mita mbili kutoka kwenye kamera, sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita tisa tu. Viganja vikilazwa magotini huwa mbele zaidi ya hapo, na sugu zote hutoka na ukungu. Akishika mpini wa jembe karibu na kifua, mikono inakaribia usawa wa uso, na f/5.6 inaongeza kina hicho maradufu. Bei yake ni mwanga mdogo zaidi, na mtu asipunguze kasi ya shata ili kuufidia: mikono ya wazee hutetemeka hata mwili ukiwa umetulia. Kasi ya 1/125 na ISO 800 hutosha kwa kawaida. Chembechembe chache kwenye picha zinavumilika kuliko vidole viwili-viwili.

Wapo watakaosema kwamba mwanga wa ubavuni unamzeesha mtu na kumvunjia heshima. Hoja ina uzito pale mwanga unapokuwa mwembamba na mkali, kwa maana huyafanya makunyanzi yaonekane kama nyufa. Ukiwa mpana, ndani ya kivuli cha kila kunyanzi bado ngozi huonekana. Wengine watauliza ukweli uko wapi ikiwa mzee amekalishwa, amegeuzwa na kupewa jembe. Kumpangia mtu mahali pa kukaa hakumbadilishi sura. Kinachoibadilisha ni simu inayolainisha ngozi yenyewe bila kuombwa, au mhariri anayekoleza weusi baadaye. Picha ikuzwe mpaka shavu lijaze kioo: vinyweleo vikiwa vimefutika, au makunyanzi yakiwa mistari myeusi isiyo na kitu ndani, huyo si mzee aliyekaa mlangoni.