Unga Uleule, Faida Tofauti

Kampuni moja ina kinu cha ngano na kiwanda cha mikate. Lori la unga linatoka geti hili na kuingia geti la jirani, wala hakuna shilingi inayotoka mfukoni mwa mwenye mali. Hata hivyo mhasibu hana budi kuuandikia unga huo bei, kwa sababu mwisho wa mwezi kila kitengo kinafungiwa hesabu zake na meneja wake anapimwa kwa faida iliyoonekana. Bei hiyo ya ndani ni mapato ya kinu, na papo hapo ni gharama ya mikate.

Tufanye hesabu ya mfano. Kilo ya unga inakigharimu kinu Sh 1,000 za ngano, umeme na mifuko. Sokoni inauzwa Sh 1,400. Kiwanda cha mikate kinachukua kilo 40,000 kwa mwezi. Kila kilo inatoa mikate ya Sh 2,000, baada ya kutumia Sh 500 nyingine za hamira, mafuta, kuni na usambazaji. Kwa hiyo kampuni nzima inabaki na Sh 500 kwa kilo, yaani Sh milioni 20 kwa mwezi, kabla ya kutoa gharama za kudumu kama mishahara na kodi ya pango.

Makao makuu yakiamua kwamba unga uhamishwe kwa bei ya soko, kinu kinaonyesha Sh milioni 16 na mikate Sh milioni 4. Yakiamua Sh 1,200, kinu kinashuka hadi milioni 8 na mikate inapanda hadi milioni 12. Yakiamua Sh 1,000, kinu hakionyeshi kitu na mikate inabeba milioni 20 zote. Hakuna aliyeoka mkate wa ziada wala kupunguza upotevu wa ngano. Ndiyo maana meneja wa kitengo akijisifu kwamba faida yake imepanda maradufu, swali la kwanza liwe moja: faida ya kampuni nzima imesogea? Kama haikusogea, huenda kilichobadilika ni bei ya ndani tu, na bonasi yake italipwa kwa jasho la kitengo kingine.

Ubaya mkubwa zaidi huanza pale takwimu hizo zinapoongoza maamuzi. Shule inaomba mikate ya ziada itakayotumia kilo 5,000 za unga, lakini kwa bei nafuu inayoleta Sh 1,800 kwa kila kilo. Meneja wa mikate anayetozwa unga kwa Sh 1,400 anajumlisha Sh 500 zake, anapata Sh 1,900, anaona hasara ya Sh 100 na kukataa. Kwa upande wake hajakosea hata kidogo. Lakini ikiwa kinu kina mashine zinazolala, gharama halisi ya kampuni ni Sh 1,500 tu, na oda iliyokataliwa ingeleta Sh 300 kwa kilo: jumla Sh milioni 1.5 zimepotea, wala hazitaonekana katika ripoti ya kitengo chochote.

Geuza hali. Kinu kinasaga usiku na mchana na kila kilo ina mteja wa nje. Sasa kilo ikipelekwa shuleni inaleta Sh 300, ikiuzwa sokoni inaleta Sh 400. Hapo kukataa ni sahihi. Mwanauchumi Mmarekani Jack Hirshleifer alilichambua suala hili mwaka 1956. Penye soko la ushindani, bei ya soko inafaa. Pasipo soko la nje, bei ifuate gharama inayoongezeka kwa kuzalisha kilo moja zaidi. Mimi naona kosa la kampuni nyingi ni kuchagua kanuni moja na kuishikilia mwaka mzima, ilhali nafasi ya kinu inabadilika kila msimu.

Lakini kinu kikilipwa Sh 1,000 tu, meneja wake atafunga mwaka na hasara asiyostahili. Njia moja ninayoiamini ni malipo ya sehemu mbili. Tuseme gharama za kudumu za kinu ni Sh milioni 20 kwa mwezi, na kiwanda cha mikate kimetengewa asilimia 40 ya uwezo wake. Basi kitozwe Sh milioni 8 kila mwezi, kichukue unga au kisichukue, kisha kilipe Sh 1,000 kwa kila kilo. Hiyo Sh 1,000 iwe gharama iliyopangwa mapema, si ile iliyotumika, kinu kisije kikaupeleka uzembe wake kwa jirani. Meneja wa mikate akiiona oda ya shule, anaona Sh 300 zilezile ambazo mwenye kampuni anaziona.

Mtego umebaki mmoja: atashawishika kuomba nafasi ndogo ili apunguze ile ada. Makao makuu yanaweza kuuziba kwa kumtoza Sh 1,400 kwa kilo yoyote itakayozidi nafasi aliyoiomba, katika miezi ambayo kinu kimejaa.