Nani Hasa Hununua Mayai ya Hoteli?

Hoteli na kambi nyingi za kitalii za Serengeti na Ngorongoro hazinunui chakula huko huko zilipo. Mgeni analila yai porini, lakini yai hilo liliagizwa, likapokelewa na kulipiwa Arusha mjini, kwenye ofisi na stoo ya kampuni, kisha likapanda lori pamoja na mchele na vinywaji. Kwa mfugaji wa Usa River au Tengeru hiyo ni nafuu kubwa, maana mnunuzi wake yuko mwendo wa daladala. Shida huanza getini. Anafika na trei mkononi, anauliza kama wananunua mayai, mlinzi anamwambia aache namba atapigiwa. Hapigiwi.

Swali lile halina mtu wa kulijibu, kwa sababu katika kampuni kubwa kununua ni kazi iliyogawanywa. Mpishi mkuu ndiye anayesema anataka yai la namna gani na kiasi gani. Ofisa manunuzi hukusanya bei za wauzaji kadhaa, mara nyingi watatu, akazilinganisha na kutoa oda. Mtunza stoo hupokea, huhesabu na hukataa. Mhasibu hulipa. Katika hoteli nyingi yuko pia mdhibiti wa gharama, mtu ambaye muuzaji hamwoni kabisa, lakini ndiye anayeuliza kwa nini trei imepanda bei kuliko mwezi uliopita.

Wafugaji wengi humwandama ofisa manunuzi peke yake kwa kuwa cheo chake kinataja manunuzi. Kwa maoni yangu huyo ndiye mgumu kuliko wote. Muuzaji aliyenaye hajamletea lawama, kwa nini ajitie mashakani kwa mgeni? Mwenye kero ni mpishi aliyefunguliwa trei akakuta mayai yamepasuka njiani, au mengine makubwa na mengine kama ya kwale. Kero yake ndiyo mlango. Ofisa manunuzi huhitajika baadaye, kukuingiza kwenye orodha ya wauzaji.

Majina ya watu hao hayajafichwa sana. Kampuni inapotangaza nafasi ya kazi ya ofisa manunuzi, tangazo lenyewe hutaja cheo cha bosi wake, kituo cha kazi na hata aina ya bidhaa atakazosimamia. Chama cha wakala wa utalii, TATO, na chama cha hoteli, HAT, vina orodha za wanachama, na humo utajua kampuni gani inaendesha kambi zipi. Maonesho ya utalii ya Karibu-KiliFair, yanayofanyika mwezi Juni, huwakutanisha wenye hoteli mahali pamoja, ingawa siku hizo wao wenyewe wako pale kuuza na hawana muda wa mayai. Njia ninayoiamini zaidi ni simu ya mapokezi, ukiuliza jambo moja dogo: "Samahani dada, barua ya muuzaji mpya wa vyakula niiandike kwa jina la nani?" Mapokezi wanaweza kukataa kumtoa bosi kwenye simu, lakini jina la kuandika juu ya barua hulitoa kwa urahisi.

Majira nayo yana neno. Kuanzia Juni hadi Oktoba wageni wamejaa, na hakuna mpishi anayejaribu muuzaji mpya wakati huo. Aprili na Mei mvua za masika hupunguza wageni, baadhi ya kambi hufungwa, wapishi hushuka mjini. Oda ni ndogo, ila watu wana nafasi ya kusikiliza. Kwa wanaokaa mjini, nenda alasiri baada ya chakula cha mchana. Asubuhi stoo inapokea mizigo, na mwisho wa mwezi kila mtu yuko kwenye hesabu ya stoo.

Sasa tuchukue mfugaji mwenye kuku 250 wa mayai. Kuku wakitaga kwa asilimia 80, anapata mayai 200 kwa siku, 1,400 kwa wiki, yaani trei 46 hivi. Akiondoa yenye nyufa na madogo, anaweza kuahidi trei 40 bila kutetereka. Barua pepe yake haihitaji historia ya mradi. Inatosha hivi:

"Habari za kazi. Nafuga kuku wa mayai Usa River. Ninaweza kuleta trei 40 za mayai ya kisasa kila Jumanne asubuhi, yaliyopangwa kwa ukubwa, yenye tarehe ya kutagwa kwenye kila trei. Nina TIN, leseni ya biashara na mashine ya EFD. Naomba kujua: orodha yenu ya wauzaji hupitiwa lini, na nani nimletee trei mbili za kujaribu?"

Maswali mawili ya mwisho ndiyo yanayofanya kazi. "Naomba kuuza kwenu" hujibiwa kwa hapana au kwa ukimya, lakini anayeulizwa tarehe na jina hutoa tarehe na jina. Usipojibiwa, piga simu baada ya wiki moja ukiitaja barua hiyo.

Trei za kujaribu zikipokelewa, mpishi makini atauliza jambo ambalo wafugaji wengi hawajalifikiria: kuku hawa wakizeeka itakuwaje? Kundi jipya la vifaranga huchukua karibu miezi mitano kabla ya kuanza kutaga. Mwenye kundi moja ataacha pengo, na pengo moja msimu wa wageni linatosha kukuondoa kwenye orodha. Jibu ni makundi mawili yaliyopishana umri, au jirani mliyeandikiana naye kufidiana. Atauliza pia kuhusu dawa, kwa sababu kuku waliotibiwa kwa baadhi ya viuavijasumu mayai yao hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa na mtengenezaji zipite. Daftari la matibabu lenye tarehe huokoa maneno mengi hapo.

Serikalini mambo ni mengine. Shule, hospitali na taasisi za umma hununua kupitia mfumo wa NeST, na huko kumjua mtu hakukusaidii. Unajisajili kwenye mfumo, unafuatilia zabuni, na maswali kuhusu zabuni yanaulizwa ndani ya mfumo huo huo.

Kwa kampuni binafsi ipo hatari ya oda ya uongo. Unapata barua pepe yenye nembo ya hoteli kubwa, oda ya trei 500, mzigo upelekwe godauni fulani leo leo, malipo kesho. Tazama anwani iliyotumwa nayo, kisha pigia namba ya mapokezi uliyoipata wewe mwenyewe, si iliyo kwenye barua hiyo. Anayedai ada ili akuingize kwenye orodha ya wauzaji naye ni wa kuepukwa. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inamgusa hata mfanyakazi wa kampuni binafsi.

Kabla ya kusaini chochote, kaa na mhasibu umuulize siku za malipo zinaanza kuhesabiwa lini. Tuseme trei ni shilingi 9,000 na malipo ni baada ya siku 45. Trei 40 ni shilingi 360,000 kwa wiki. Siku zikihesabiwa tangu kila mzigo ulipopokelewa, unaweza kuwa umeshapeleka mizigo saba kabla ya senti ya kwanza kuingia, yaani shilingi 2,520,000 ziko nje wakati kuku wanaendelea kula. Zikihesabiwa tangu ankara ya mwisho wa mwezi, mzigo wa tarehe 1 utasubiri karibu siku 75, na mizigo iliyo nje inaweza kufika 11, karibu shilingi milioni nne. Mfugaji asiye na akiba hiyo hana haja ya kukataa biashara. Anaweza kuomba kuanza na trei 15 kwa wiki, zile 25 akaendelea kuwauzia wenye maduka wanaolipa papo hapo.