Betri Inayokufa Usiku: Kumsaka Mnyonyaji kwa Mita na Fyuzi

Premio yetu ya mwaka 2003 ilianza kuamka haina moto wiki chache baada ya kubadilishiwa redio, ila wakati ule hakuna aliyeyahusisha mambo hayo mawili. Jioni ilikuwa ikiwaka vizuri kabisa. Saa kumi na mbili asubuhi ukizungusha ufunguo, starta inagonga "tik", taa za dashibodi zinafifia, na inabidi jirani aamshwe aje na waya za kubusti. Tulifanya kile ambacho wengi hufanya: tukanunua betri mpya. Asubuhi ya tatu nayo ilikuwa imekufa.

Betri mpya ikishafia ndani ya siku tatu, swali la kwanza linakuwa ni nini kinachoinywa gari likiwa limezimwa. Maana gari lililozimwa halilali kabisa. Saa inaendelea kutembea, redio inatunza stesheni zake, alamu inasubiri rimoti, na kompyuta ya injini inahifadhi kumbukumbu zake. Vyote hivyo kwa pamoja, katika gari la kawaida lenye afya, hunywa kati ya ampea 0.02 na 0.05. Ni umeme mdogo sana. Betri yetu ni ya saizi ya NS60, yenye uwezo wa takriban saa-ampea 45, maana yake ingeweza kutoa ampea moja kwa saa 45 mpaka iishe. Kwa unywaji wa ampea 0.03, gari likae mwezi mzima bila kuguswa ndipo nusu ya umeme huo itakuwa imeondoka. Kwa hiyo betri nzima ikifa kwa usiku mmoja au miwili, anayenyonya si saa ya dashibodi. Kuna kitu kikubwa kinachokunywa ampea nzima, pengine mbili.

Kabla ya kulishuku gari, lakini, mwondolee betri shaka. Hii ni kazi ya usiku mmoja. Betri ikiwa imejazwa chaji na kupumzika saa chache, mita iliyowekwa kwenye volti inapaswa kusoma takriban 12.6. Fungua waya wa hasi, uusogeze pembeni usiguse betri, kisha uache hivyo hadi asubuhi. Pima tena. Ikiwa bado inasoma 12.6 au pungufu kidogo tu, betri ni nzima na gari ndilo linaloinywa. Ikishuka hadi 12.2 au chini ya hapo ilhali haijafungwa na chochote, betri yenyewe ndiyo mgonjwa. Washa pia injini uone altaneta inapeleka kiasi gani: kati ya volti 13.8 na 14.5 ni sawa. Chini ya 13 maana yake betri hailishwi, na utakuwa unamsaka mwizi ambaye hayupo. Yetu ilipita vipimo vyote viwili.

Sasa mita. Hizi ndogo za manjano zinazouzwa madukani kwa bei nafuu zinatosha, mradi uelewe jambo moja. Unapopima volti unagusa ncha mbili za betri, lakini unapopima ampea, umeme wenyewe unapaswa kupita ndani ya mita. Unahamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu lililoandikwa 10A, unafungua waya wa hasi wa gari, halafu unaiweka mita katikati: ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye kichwa cha ule waya ulioufungua. Ukisahau na kugusisha ncha hizo kwenye chanya na hasi za betri, utakuwa umeichoma betri kwa waya mtupu. Katika mita nyingi za bei nafuu tundu hilo la 10A halina fyuzi ndani, hivyo kitakachoungua ni mita, na huenda na vidole vyako. Kwa sababu hiyo hiyo usiwashe gari wala taa kubwa wakati mita iko katikati. Starta peke yake huvuta zaidi ya ampea mia.

Kosa linalowapoteza wengi ni haraka. Ukishaunganisha mita, kompyuta za gari zinahisi umeme umerudi na zote zinaamka kwa pamoja. Mita yetu ilianza kwa kusoma zaidi ya ampea tatu. Mtu asiyejua angeanza kuchomoa fyuzi palepale na kufuata mambo ya uongo. Subiri. Gari la umri wa Premio yetu hutulia ndani ya dakika chache, lakini magari mapya yanaweza kuchukua dakika 40 au hata saa nzima. Na wakati unasubiri, gari lazima liamini kwamba limefungwa. Kwa kuwa utahitaji kuufikia ubao wa fyuzi ulio chini ya usukani, acha mlango wa dereva wazi, lakini lisukume lile kufuli la pembeni ya mlango kwa bisibisi mpaka lijifunge, na kama swichi ya taa ya ndani iko kwenye nguzo ya mlango, ibane kwa utepe. Ukimaliza usisahau kuvuta kitasa lile kufuli lifunguke kabla ya kuubamiza mlango. Gari la ufunguo wa kubonyeza, peleka ufunguo mbali, ndani ya nyumba kabisa.

Baada ya robo saa mita yetu ilisimama kwenye 1.86 na haikushuka tena. Hapo hesabu ikakaa sawa. Gari huegeshwa saa kumi na mbili jioni na kuwashwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa 12 mara ampea 1.86 ni saa-ampea 22, karibu nusu ya betri kila usiku. Usiku wa kwanza betri mpya ilistahimili. Safari fupi za kwenye foleni hazikuirudishia kilichoondoka, na usiku wa pili ukammaliza.

Kuchomoa fyuzi ni kazi ya uvumilivu tu. Mmoja anatazama mita, mwingine anachomoa fyuzi moja, anasubiri sekunde chache, anairudisha palepale ilipotoka, anakwenda kwa inayofuata. Piga picha ya ubao kwanza, maana fyuzi ya ampea 10 ikirudishwa mahali pa 20 utajiongezea tatizo jingine. Fyuzi nyingi hazitabadilisha kitu, nyingine zitapunguza kidogo kama 0.01, na hizo ni za saa na kompyuta, ziache. Unayemtafuta ni yule atakayeishusha mita kwa kishindo. Sisi tulimaliza ubao wa chini ya usukani bila kuona lolote. Tukahamia kwenye kisanduku cha fyuzi kilichomo kwenye boneti, na tulipochomoa iliyoandikwa DOME, mita ikadondoka kutoka 1.86 hadi 0.03.

Hapa ndipo watu hufurahi mapema. Fyuzi haikuambii kitu gani kimeharibika, inakuonyesha tu mtaa anakoishi. Katika Toyota nyingi za aina hii, DOME inalisha taa ya ndani, taa ya buti, saa, na ule umeme wa kudumu wa redio. Taa ya buti ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, kwa kuwa swichi yake ikikwama inawaka usiku kucha na buti likiwa limefungwa hakuna anayeiona. Lakini balbu yake ni ya wati 5, inayokunywa takriban ampea 0.4. Isingefikisha 1.86. Tukairudisha fyuzi, tukasubiri gari litulie upya, tukaichomoa balbu hiyo hata hivyo, na mita haikutikisika. Kisha tukaivuta redio na kuchomoa soketi yake ya nyuma. Ikasoma 0.03.

Redio hiyo tuliibadilisha kwa sababu ambayo kila mwenye gari lililotumika Japani anaijua. FM ya redio ya gari la Kijapani la wakati ule inaishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kuelekea 108. Fundi akatuwekea redio ya skrini na amplifaya chini ya kiti. Redio kama hiyo huwa na waya mbili za umeme: wa manjano, unaopaswa kuwa na umeme wakati wote kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu, unaopaswa kupata umeme pale tu ufunguo unapokuwa kwenye ACC. Mwekundu ndio unaoiambia redio kwamba gari limezimwa. Tulipochungulia nyuma tulikuta waya hizo mbili zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa utepe. Skrini tulikuwa tukiizima kwa kitufe, ila ndani yake redio haikuwahi kulala. Na kwa kuwa iko macho, waya wake wa bluu uliendelea kuiamsha amplifaya, ambayo umeme wake inauchukua moja kwa moja kwenye betri kwa waya na fyuzi yake yenyewe. Ndiyo maana kuchomoa DOME kulizima vyote viwili, ingawa umeme wa amplifaya haupiti pale.

Ikitokea umechomoa fyuzi zote na mita bado iko juu, tafuta vilivyofungwa moja kwa moja kwenye betri: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, amplifaya. Kisha ishuku altaneta. Dayodi zake zikivuja, umeme unarudi ndani kupitia ule waya mnene wa kuchaji. Ukiigusa alfajiri, kabla injini haijawashwa, wakati mwingine utaikuta ina uvuguvugu. Kufungua waya huo ili kuhakikisha, kwanza ondoa waya wa hasi wa betri, maana spana ikigusa chuma cha injini utaona cheche kubwa.

Kurekebisha kwetu kulichukua nusu saa. Tulitenganisha waya, tukatafuta kwa mita waya wa gari unaosoma volti 12 ufunguo ukiwa kwenye ACC na sifuri ukizimwa, tukaunga mwekundu hapo kwa risasi. Mita ikatulia kwenye 0.03. Tuliichaji betri hadi ikajaa, na tangu hapo haijatugomea asubuhi. Ile ya zamani haikuokoka. Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, na kila inapokaushwa mpaka chini, salfeti hugandamana kwenye sahani zake na sehemu ya uwezo wake hairudi.

Ukienda kuwekewa redio, usiondoke kabla ya kuchomoa ufunguo na kuitazama skrini. Isipojizima yenyewe bila wewe kugusa kitufe, mwambie fundi aufungue tena waya mwekundu.