Ombi Langu Lililala Siku Mbili Bila Kuguswa

Julai, baridi ya Ufipa ikiwa imekolea, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja hapa Sumbawanga. Jioni nashika kazi nyingine: tuko watatu tunaotengeneza programu ndogo ya kukokotoa maksi za wanafunzi. Mimi niko hapa, mmoja anafanya kazi Muscat, mwingine anasoma Minneapolis.

Jumatatu moja niligundua kosa. Mwanafunzi ambaye hakufanya jaribio alikuwa anahesabiwa sifuri, hivyo wastani wa darasa ulishuka. Nikarekebisha, na saa 3 usiku nikatuma ombi la kuunganisha, lile ambalo GitHub inaliandika pull request. Utaratibu wetu ni kwamba msimbo hauingii mpaka mwingine aupitie, na mpitiaji alikuwa mmoja tu, wa Muscat.

Kule ilikuwa saa 4 usiku, keshafunga kompyuta. Alisoma Jumanne akitoka kazini, kwangu ikiwa saa 1 jioni, akaomba nibadili mstari mmoja. Nikabadili kufikia saa 3 usiku. Akaidhinisha Jumatano saa 1 jioni. Piga hesabu: saa 46, wakati kazi yenyewe haikufika saa mbili. Mwalimu wa taaluma alitaka wastani Jumatano asubuhi, kwa hiyo nilikesha nakokotoa mikondo miwili kwa kalamu.

Mwanzoni nilimlaumu mwenzetu. Lakini hakuwa mzembe, kila siku alisoma. Shida ni kwamba nafasi ya kusoma ilikuwa moja kwa saa 24, na mimi nilikuwa namaliza kazi saa mbili baada ya nafasi hiyo kupita. Kila swali moja likawa linagharimu siku nzima.

Tukagawana madirisha ya mapitio, nusu saa kila mtu, kwa saa za UTC. Muscat anasoma 02:30, kwake saa 12 na nusu asubuhi kabla ya kazi. Mimi nasoma 10:00, yaani saa 7 mchana, mapumziko ya shule. Minneapolis anasoma 18:00, kwake saa 7 mchana, kwetu saa 3 usiku. Hakuna aliyeamshwa usiku, na kati ya dirisha na dirisha hazizidi saa 8 na nusu.

Sasa rudia ile Jumatatu. Natuma ombi saa 3 usiku, Minneapolis anafungua dirisha lake, anaacha maoni tu kwamba mstari ubadilike. Bado niko macho, nabadili saa 4. Muscat anaidhinisha saa 11 na nusu alfajiri ya Sumbawanga. Nikiamka Jumanne, tayari.

Kuna mipaka. Huwezi kuidhinisha ombi lako mwenyewe, kwa hiyo kwangu madirisha ni mawili tu. Nikituma asubuhi baada ya Muscat kufunga, nasubiri mpaka saa 3 usiku. Ndiyo maana jipange utume karibu na dirisha la mwenzako, siyo lako. Pia anayepokea katikati hawezi kukuuliza kitu umelala, hivyo kwenye ombi andika nini kimebadilika, ulijaribu vipi, na nini bado.

Kosa la pili lilikuwa kwenye faili la CODEOWNERS. Tulikuwa tumeweka ulinzi unaodai idhini ya mmiliki wa msimbo, na folda ya maksi ilikuwa na jina moja. Wengine wangesoma mpaka wachoke, ombi lisingepita. Tukaweka wote kwenye mstari mmoja, na idhini ya yeyote kati yao inatosha:

```
/maksi/ @mpitiaji-a @mpitiaji-b @mpitiaji-c
```

La tatu ni saa zenyewe. Niliandika "saa 3", mwenzetu wa Minneapolis akaelewa 3:00. Tangu hapo tunaandika UTC tu. Ukitaka saa yetu ya Kiswahili, toa 3: 10 inakuwa saa 7 mchana, 18 inakuwa 15, ukitoa 12 unabaki na saa 3 usiku.

Na usisahau Novemba. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo Marekani wanarudisha saa nyuma, sisi na Oman hatubadilishi. Saa 7 mchana ya Minneapolis inahamia saa 4 usiku yetu, na muda wangu wa kujibu usiku huohuo unapotea. Dawa ni yeye kusoma saa 6 mchana mpaka Machi.

Ukitaka kujua kama timu yenu inaumwa ugonjwa huu, chukua maombi kumi ya mwisho, andika lilitumwa saa ngapi na likajibiwa mara ya kwanza saa ngapi. Majibu yakirundikana saa ileile kila siku, bila kujali ombi lilitumwa lini, mna dirisha moja tu.