Kadi Nzima, Adapta Mbovu

Mpwa wangu alirekodi harusi ya dada yake kwa simu, video zote zikaingia kwenye memori kadi ndogo ya gigabaiti 32. Asubuhi yake akaichomoa kadi, akaipachika kwenye adapta, ile plastiki yenye umbo la kadi kubwa ya kamera, na kuiingiza kwenye laptopu. Laptopu ilionyesha alama ya kadi, lakini alipoibofya ikakaa kimya, kisha ikaomba ruhusa ya kuifomati. Akanipigia simu sauti ikitetemeka: “Mjomba, harusi imefutika.”

Nikamwambia asikubali kufomati, airudishe kadi kwenye simu kwanza. Akarudisha, na bibi harusi akaonekana akicheka kama jana. Kadi ilikuwa nzima. Tena simu yenyewe ingeweza kuunganishwa na laptopu kwa waya wa kuchajia unaopitisha data, video zikahamishwa bila adapta kabisa. Ndivyo tulivyofanya kabla ya kuanza kutafuta ubovu, kwa sababu kadi yenye kitu usichoweza kukirekodi tena haifai kujaribiwajaribiwa.

Adapta haina akili yoyote ndani yake. Ukiipasua utakuta vipande vyembamba vya chuma tu, vinavyounganisha vibati 8 vya kadi ndogo na vibati 9 vya nje. Hicho cha ziada ni njia ya pili ya kurudishia umeme. Upande wa ndani, kila kipande kinaishia kwenye springi ndogo iliyopinda, na springi hizo ndizo zinazokandamiza vibati vya kadi. Moja ikilala, au ikipata vumbi na kutu, njia yake imekatika.

Hapo ndipo watu wengi hupotea, maana kukatika kwa njia moja si lazima kuizime kadi yote. Njia moja hubeba amri, nyingine mapigo ya kuongozea mawasiliano, nne hubeba data, na mbili zilizobaki ni za umeme. Njia ya data ikikatika huku ya amri ikiwa nzima, laptopu inaweza kuuliza kadi ina ukubwa gani na ikajibiwa, lakini faili zisifunguke. Ndiyo maana ile yetu ilionekana huku haisomeki.

Tukaipeleka adapta dirishani, tukamulika tochi ya simu mdomoni mwake. Springi zinapaswa kusimama kimo kimoja kama meno ya kitana. Ya pili kutoka pembeni ilikuwa imelala. Huenda kadi iliwahi kuingizwa kiupande. Usiinyanyue kwa sindano: hata ikisimama, haitakuwa na nguvu yake ya awali, na adapta mpya ni ya bei ndogo. Kama springi zote zimesimama, safisha vibati vya nje na vya kadi kwa pamba yenye spiriti kidogo, uache vikauke vyema. Wapo wanaosugua kwa raba ya penseli. Inasaidia, ila dhahabu iliyopakwa pale ni nyembamba mno, basi pitisha mkono mwepesi na upulize vumbi la raba. Kisha hakikisha kadi imezama hadi mwisho; ikibaki imechomoza hata kidogo, vibati havikutani na springi.

Tulipopata adapta nyingine, video zilifunguka zote. Mpwa wangu akataka kuongeza picha kwenye kadi, laptopu ikamjibu: `The disk is write-protected`. Akadhani ile shida imerudi.

Haikuwa ileile. Ubavuni mwa adapta kuna kitelezi kidogo chenye neno LOCK kando yake. Hakijaunganishwa na waya wowote. Kikiwa juu, karibu na vibati, hujaza pengo ubavuni, na swichi iliyo ndani ya tundu la laptopu hukigusa. Kikiteremka, pengo hubaki wazi, na laptopu hukataa kuandika au kufuta. Kusoma hakuzuiwi. Kwa hiyo picha zikifunguka lakini ukakataliwa kuongeza, angalia kitelezi. Zisipofunguka kabisa, kiache, tazama springi.

Chetu kilikuwa kimelegea. Kila tulipoisukuma adapta ndani, msuguano wa tundu ulikirudisha nyuma, kikajifunga chenyewe. Mpwa wangu alikipandisha, akakishika kwa ukucha huku akiingiza polepole, na picha zikaingia. Kikikatika kabisa, laptopu itaona pengo na kudhani kadi imefungwa. Hapo kipande chembamba cha utepe juu ya pengo huziba nafasi yake, mradi kimebana vizuri na hakina ncha ya kubandukia ndani ya tundu.