Moyo Ulishindwa kwa Sababu ya Nini?

Kila anayekufa, moyo wake husimama. Kwa hiyo daktari anapoandika kwenye fomu kwamba mgonjwa alikufa kwa "moyo kusimama", anakuwa amesema tu kwamba mgonjwa amefariki. "Moyo kushindwa kufanya kazi" ni maneno yenye uzito kidogo zaidi, kwa sababu hiyo ni hali halisi ya kitabibu: moyo umedhoofika, hausukumi damu ya kutosha, miguu inavimba na pumzi zinakata. Lakini hali hiyo nayo huletwa na jambo jingine. Inaweza kuletwa na shinikizo la damu la miaka mingi, valvu ya moyo iliyoharibika, mishipa ya moyo iliyoziba au upungufu mkubwa wa damu. Fomu inayoishia kwenye "moyo kushindwa" haijasema ni lipi kati ya hayo.

Nchini Kenya, kifo kinachotokea hospitalini huandikwa kwenye fomu ya D1. Kinachotokea nje ya hospitali huandikwa kwenye D2, kupitia kwa chifu msaidizi wa eneo hilo. Tanzania Bara usajili uko chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Familia hukutana na karatasi hizi ikiwa imo msibani, inatafuta kibali cha mazishi, na inachokagua ni jina na tarehe. Sehemu ya sababu ya kifo huwa imejazwa tayari na daktari au tabibu wa zamu, mara nyingi kwa haraka, huku wagonjwa wengine wakimsubiri.

Muundo wa sehemu hiyo hautofautiani sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Mwaka 1948, Ainisho la Kimataifa la Magonjwa lilipofanyiwa mapitio ya sita, mataifa yalikubaliana kutumia fomu ya namna moja na kuhesabu kwa kila kifo sababu moja, yaani sababu ya msingi. Hiyo ni ugonjwa au jeraha lililoanzisha mfululizo wa madhara uliofika hadi kifo. Kama ni ajali au ukatili, kinachohesabiwa ni tukio lenyewe lililoleta jeraha. Fomu ya sasa ya Shirika la Afya Duniani ina mistari minne katika Sehemu ya Kwanza, (a) hadi (d), kisha Sehemu ya Pili, halafu maswali machache kuhusu upasuaji, namna ya kifo na ujauzito.

Njia rahisi ya kuielewa ni kuijaza. Tuchukue mfano wa kufundishia, wa mwanamke wa miaka 26 aliyeletwa hospitali ya wilaya usiku, akihema kwa shida na kukohoa povu lenye rangi ya waridi. Alifariki baada ya saa tano. Mama yake aliyemleta alikuwa na kadi za kliniki ndani ya mkoba. Kadi moja ilionyesha kwamba binti alijifungua siku 19 kabla. Nyingine ilionyesha kwamba miaka minne nyuma alipimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, na valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, ikaonekana imebana. Mama akaeleza pia kwamba mtoto huyu alipokuwa na miaka 12 aliumwa mafindofindo, kisha akapata homa na maumivu yaliyohama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Waliambiwa ni homa ya baridi yabisi.

Daktari aliyechoka angeweza kuandika kwenye mstari (a) "moyo kushindwa", akatia sahihi na kuondoka. Asingekuwa amesema uongo.

Daktari anayeijua fomu huanza na kilichomuua mgonjwa katika saa za mwisho, kisha anajiuliza swali moja tu: kwa sababu ya nini? Maji yalijaa mapafuni ghafla. Kwa sababu ya nini? Moyo ulikuwa umeshindwa. Kwa sababu ya nini? Valvu ya mitrali ilikuwa imebana. Kwa sababu ya nini? Ugonjwa sugu wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi. Hapo swali linafika mwisho, na fomu inasomeka hivi:

(a) Maji kujaa mapafuni ghafla: saa 5
(b) Moyo kushindwa kufanya kazi: miezi 3
(c) Kubana kwa valvu ya mitrali: takriban miaka 4
(d) Ugonjwa sugu wa moyo wa baridi yabisi: takriban miaka 14

Kila mstari umeletwa na ule ulio chini yake, na mstari wa mwisho uliojazwa ndio unaobeba sababu ya msingi. Si lazima mistari yote minne itumike. Mtu aliyegongwa na pikipiki akavunjika fuvu na kuvuja damu kwenye ubongo anaweza kumalizika kwa mistari mitatu, ilimradi wa chini kabisa useme wazi kwamba alikuwa akitembea kwa miguu na aligongwa na pikipiki. "Jeraha la kichwa" peke yake halitofautishi ajali ya barabarani na kipigo.

Safu ya muda iliyo kando ya mistari huachwa wazi mara nyingi, na ni hasara kubwa, kwa sababu ndiyo inayofichua makosa upesi. Katika mfululizo ulio sahihi, muda huongezeka kadiri unavyoshuka, au angalau hubaki uleule. Hapa ni saa, kisha miezi, kisha miaka. Mkaguzi akikuta mstari (b) una siku 10 na mstari (c) una saa mbili, anajua papo hapo kwamba mpangilio umepinduka: tatizo la saa mbili haliwezi kuwa limeleta tatizo la siku 10. Pale ambapo tarehe kamili haijulikani, kukadiria kunaruhusiwa, na neno "takriban" linatosha.

Sehemu ya Pili ni ya hali zilizochangia kifo bila kuwa pete ya mnyororo wenyewe. Kadi ya kliniki ya wajawazito ilionyesha kwamba mwanamke huyu alikuwa na upungufu wa damu. Upungufu huo haukubana valvu, lakini uliulazimisha moyo uliokwisha kuelemewa kufanya kazi zaidi. Mahali pake ni Sehemu ya Pili. Ukiingizwa kati ya mistari (b) na (c), fomu itasema kwamba valvu iliyobana ndiyo iliyoleta upungufu wa damu, na mfululizo wote utapotea.

Linabaki swali la ujauzito, nalo ndilo linalogeuza hesabu ya kifo hiki. Fomu huuliza kama marehemu alikuwa mjamzito alipofariki, au ujauzito wake uliisha ndani ya siku 42 kabla ya kifo, au kati ya siku 43 na mwaka mmoja. Mwanamke huyu alikuwa na siku 19. Katika ujauzito, damu mwilini huongezeka karibu nusu ya kiasi cha kawaida, na valvu iliyobana haiwezi kuipitisha yote. Damu inarundikana nyuma yake, na maji yanavujia mapafuni. Hatari hiyo haiishi siku ya kujifungua. Kifo cha namna hii ni kifo cha uzazi, ingawa hakuna damu iliyomwagika wala kifafa cha mimba.

Baada ya hapo fomu huenda kwa karani wa takwimu, ambaye hakumwona mgonjwa na hawezi kumhoji mama yake. Kazi yake ni kugeuza maneno kuwa misimbo ya Ainisho la Kimataifa. Katika toleo la kumi, "moyo kushindwa" peke yake hupewa I50.9. Kwa kuwa hakuna kingine kilichoandikwa, hana la kuchagua. Fomu iliyojazwa kikamilifu ingemfikisha kwenye O99.4, msimbo wa magonjwa ya moyo na mishipa yanayotatiza ujauzito na uzazi, na I05.0 ya kubana kwa valvu kutokana na baridi yabisi ingeweza kuandikwa kando yake.

Tofauti hiyo ina matokeo. Homa ya baridi yabisi hutokana na maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoka, ambayo hutibika kwa penisilini. Mtoto aliyekwisha kuugua homa hiyo hulindwa asirudiwe kwa sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki tatu hadi nne, kwa miaka mingi. Mwaka 2018, Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zipambane na ugonjwa huu. Lakini wilaya ambayo fomu zake zinasema "moyo kushindwa" haitauona ugonjwa huo katika takwimu zake, na mpango wake wa uzazi salama hautajua kwamba wajawazito wenye matatizo ya valvu wanakufa. Christopher Murray na Alan Lopez, katika utafiti wao wa mzigo wa magonjwa duniani uliochapishwa mwaka 1996, waliiita misimbo ya aina hii "takataka", kwa kuwa haimsaidii mpangaji wa afya. Watafiti hulazimika kuvigawa upya vifo hivyo kwa makadirio.

Makosa mengine ni madogo kwa macho. Vifupisho ni mojawapo: herufi MS kwa daktari wa moyo ni kubana kwa valvu ya mitrali, na kwa daktari wa neva ni ugonjwa mwingine kabisa. Kuandika magonjwa mawili kwenye mstari mmoja humwacha karani akibahatisha ni lipi lililoleta jingine. Kanuni za ainisho humruhusu kunyoosha baadhi ya mifululizo iliyopinda, lakini hazimruhusu kubuni ugonjwa ambao haukuandikwa.

Je, daktari asipokuwa na uhakika? Fomu inapokea maoni yake ya kitaalamu, haidai ushahidi usio na shaka. Anaweza kuandika "huenda ni ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi", na karani ataupokea. Kama uchunguzi umefanyika na chanzo hakikupatikana, kuandika hivyo waziwazi ni bora kuliko kulificha pengo kwa "moyo kusimama". Kifo cha ghafla kisichoeleweka au chenye dalili za ukatili hupelekwa polisi ili mwili ufanyiwe uchunguzi, na majibu yanapotoka sababu iliyoandikwa inaweza kurekebishwa.

Ndugu nao wana mchango. Hospitali ambayo mgonjwa alifikia akiwa mahututi inaweza isiwe na faili lake lolote, kwa hiyo kadi za kliniki, karatasi za kuruhusiwa kutoka wodini na majibu ya vipimo vya zamani ni vya kumkabidhi daktari kabla hajajaza fomu. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, tarehe ya kujifungua au ya mimba kuharibika itajwe hata kama hakuna aliyeuliza. Kwa wanaofia nyumbani, ambako hakuna daktari wa kujaza mistari hiyo, maeneo ya utafiti kama Kilifi nchini Kenya na Ifakara nchini Tanzania yametumia mahojiano: mhoji aliyefunzwa huketi na aliyemuuguza marehemu, akamuuliza dalili ipi ilitangulia, ilidumu kwa muda gani, na ipi ikafuata.