Kurahisisha Matini Kabla ya Tafsiri: Nahau, Utata na Adabu

Eugene Nida na Charles Taber, katika kitabu chao cha mwaka 1969 juu ya nadharia na utendaji wa tafsiri, walieleza kwamba mfasiri huyavunja kwanza maneno ya asili yakawa sentensi sahili, akaivusha maana yake hadi lugha ya pili, kisha akaijenga upya. Katika mpango huo kazi zote tatu hufanywa na akili moja. Mfasiri anapovunja, matini asilia bado iko mbele ya macho yake, na kile alichokiondoa mwanzoni anaweza kukirudisha mwishoni. Mambo hubadilika pale kurahisisha kunapokuwa kazi ya mtu mwingine, na mfasiri akapewa matini iliyorahisishwa peke yake. Hapo kilichoondolewa kimeondoka kabisa. Makala haya yanachunguza hali hiyo ya pili kwa kuitazama barua moja fupi ya kubuni.

Kamati ya maji ya kijiji cha pwani inamwandikia mhandisi mgeni asiyejua Kiswahili. Barua itafasiriwa kwa Kiingereza, na inasema hivi:

"Bwana Mhandisi, baada ya salamu, tunaomba utuwie radhi kwa kukusumbua. Fundi uliyemtuma alikutana na mwenyekiti wetu na mtoto wake siku ya Jumatatu saa tatu akamwambia kwamba pampu imekula chumvi nyingi, lakini tangu siku hiyo ametupa mkono na kazi imelala. Tungeshukuru kama ungelitupia jicho jambo hili."

Msomaji wa Kiswahili haoni tabu. Hata hivyo sentensi ya pili ina maneno 29, na karibu kila kipande chake kina njia panda. Richard Brislin, ambaye katika miaka ya 1970 alitoa miongozo ya kuandika Kiingereza kitakachofasirika kwa urahisi, alishauri sentensi zisifikie maneno 16, nomino zirudiwe badala ya viwakilishi, na tamathali ziepukwe. Kipimo cha maneno 16 hakihamishiki hivi hivi. Neno "uliyemtuma" ni moja kwa kuhesabu, lakini ndani yake mna mtenda, wakati, urejeshi, mtendwa na kitendo. Kwa Kiswahili ni afadhali kuhesabu vitenzi, na kuruhusu kimoja au viwili katika kila sentensi.

Shauri la kurudia nomino lina uzito zaidi katika Kiswahili kuliko katika lugha ambayo lilitungiwa. Kiambishi a- hakitofautishi mume na mke, wala hakisemi ni yupi kati ya watu watatu waliokwisha kutajwa. "Mtoto wake" ni wa fundi au wa mwenyekiti? Aliyeambiwa ni nani, na aliyetoweka ni nani? Kiambishi -ka- chaelekea kumwendeleza mtenda yule yule, yaani fundi, lakini -m- haina msaada wowote.

"Ametupa mkono" ni fundo gumu zaidi. Likichanganuliwa a-me-tupa, ni nahau yenye maana ya kufariki, au ya kukata uhusiano. Likichanganuliwa a-me-tu-pa, fundi amewapa wanakamati mkono, labda wa pongezi au wa kuagana. Mkazo hausaidii, kwani katika hali zote mbili huangukia silabi ile ile. Ingeandikwa "ametutupa mkono" pasingekuwa na shaka kwamba wameachwa. Tofauti ni silabi moja tu, na yawezekana mwandishi aliiruka.

Ama "imekula chumvi nyingi", hapa mrahisishaji aliye hodari ndiye aliye katika hatari kubwa. Akiijua nahau, ataandika "pampu imezeeka" bila kusita, kwa kuwa mtu aliyekula chumvi nyingi ni mtu wa umri mkubwa. Lakini kijiji kiko pwani, na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Huenda fundi alisema kwamba pampu imeliwa na chumvi, na mwandishi akaligeuza neno kwa mzaha. Pampu iliyozeeka huondolewa. Iliyoshikwa na chumvi huenda ikasafishwa, na mpya ikiwekwa katika maji yale yale itaharibika vile vile. Hakuna kamusi inayoweza kuamua. Kazi ya mrahisishaji hapa ni kumwuliza mwandishi, na asipopatikana, kuliacha neno lilivyo na kulieleza pembeni. Kukisia ni kuondoa utata na kuweka kosa mahali pake, kosa ambalo halionekani tena kwa sababu sentensi imekuwa nyepesi.

Tuseme mwandishi ameulizwa na kujibu. Matini inaweza kuwa hivi:

"Bwana Mhandisi, tunakusalimu. Tunaomba radhi kwa kukusumbua. Ulimtuma fundi kwetu. Fundi alikutana na mwenyekiti wetu siku ya Jumatatu saa tatu asubuhi. Mtoto wa mwenyekiti alikuwapo. Fundi alimwambia mwenyekiti kwamba chumvi ya maji imeiharibu pampu. Tangu Jumatatu hiyo fundi hajarudi, wala hajatuletea habari. Hakuna kazi inayofanyika. Tunakuomba kwa heshima ulichunguze jambo hili."

"Kazi imelala" haikugeuzwa kuwa "kazi imesimama", ingawa ndilo neno linalokuja kwanza ulimini. Kusimama nako kuna maana ya kukoma na ya kuwa imara.

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye mgogoro. Brislin alishauri pia kuepuka hali ya masharti na ya matakwa. Shauri hilo likifuatwa kikamilifu, -nge- itaondoka pamoja na kiishio -e, na kutabaki "Chunguza jambo hili". Maana imehifadhiwa, lakini wazee wa kamati wameonekana kumwamuru mtu wanayemhitaji. Vipashio hivyo viwili havifai kutendewa sawa. Sentensi ya -nge- inaweza kusomwa kama jambo lisilotarajiwa kutokea, hivyo yafaa iachwe. Kiishio -e ndicho chombo cha kawaida cha ombi la heshima, nacho kibaki. Unyenyekevu uliokuwa ndani ya kitenzi umetolewa nje ukawa neno dhahiri, "kwa heshima", ambalo mfasiri hawezi kulipita bila kuliona. Kanuni hii yahusu tasfida pia. "Ameaga dunia" ni nahau, lakini ikiondolewa isiwekwe "amekufa". "Amefariki" ina maana moja na bado imebeba staha.

Kilichopotea ni mzaha wa chumvi. Katika barua ya ombi hasara hiyo yavumilika. Katika riwaya isingevumilika, na matini ya namna hiyo haifai kurahisishwa kwa njia hii hata kidogo.

Imezoeleka kukagua kazi kwa tafsiri rejeshi, yaani mtu wa pili kuirudisha tafsiri katika lugha ya kwanza. Kipimo hiki kina tundu. Mfasiri akiiandika "saa tatu" kwa tarakimu ile ile ya Kiingereza, amemwambia mhandisi saa tisa. Mrejeshaji mzembe ataibadili tarakimu hiyo kuwa "saa tatu" tena, na matini mbili za Kiswahili zitalingana kabisa ilhali ya katikati ina kosa la saa sita. Ukaguzi ulio bora ni kumpa tafsiri msomaji ambaye hajaiona barua, kisha kumwuliza: mtoto ni wa nani, fundi yu hai, pampu ina nini, alifika saa ngapi, na je, aliyeandika anaomba au anaamuru?